Laki Moja na Nusu kwa Neno Moja

Juzi mteja wa ofisi yetu ya kuhariri maandishi katuandikia WhatsApp: "Dada, yaani laki na nusu kwa kusoma neno moja? Kipeperushi changu chote mlinifanyia elfu themanini." Si wa kwanza kuuliza, na wengine hawaulizi, wanakwenda tu kwa mpwa wao aliyepata A ya Kiswahili. Basi niwasimulie kazi moja ya neno moja. Mwenyewe kaniruhusu, mradi nisimtaje.

Ni mzee wa makamo, ana biashara ya kusafirisha vifurushi kati ya Dar, Morogoro na Dodoma. Ana Hiace tatu. Alituletea maandishi ya tovuti yake, kurasa sita, na juu kabisa kwa herufi kubwa kaulimbiu yake: HATUKUSAHAU. Hiyo hakutaka iguswe. Aliitunga mwenyewe, imeshabandikwa kwenye magari yote matatu, ubavuni na nyuma, na fulana arobaini za wapagazi zimeshachapwa.

Nikairudia mara mbili kwa sauti, kama ninavyofanya kila kazi. Mara ya pili nikasikia kitu kingine.

Yeye alikusudia "sisi hatukusahau wewe", sasa na siku zote. Lakini neno lilelile ni "hatukusahau" la jana, yaani tulikumbuka, msitulaumu. Kwa vitenzi vingi hatupati shida hii, kwa sababu mwisho wa neno unatuokoa. Hatukuachi ni la sasa, hatukuacha ni la wakati uliopita, i na a zinatenganisha. Vitenzi vingi tulivyochukua kutoka Kiarabu havibadili mwisho. Kusahau, kudharau, kusamehe, kusaliti, vyote hubaki vilevile, na ile "ku" ya katikati inaweza kuwa wewe au inaweza kuwa jana. Kwenye sentensi ndefu maneno ya jirani yanasaidia. Kwenye ubavu wa Hiace hakuna jirani.

Sasa fikiria nani anayelisoma. Mtu ambaye mzigo wake umechelewa siku tatu, amesimama getini, gari linaingia limeandikwa "hatukusahau".

Hapo nilifanya kosa langu. Nilimwandikia pembeni mwa faili, kwa haraka: "Kaulimbiu ina utata wa wakati, ibadilishwe." Nikatuma saa nne usiku. Saa moja asubuhi simu inaita. "Binti, wewe una miaka mingapi kwenye biashara? Kosa liko wapi? Nimeangalia kwenye kamusi, neno lipo!" Na alikuwa sahihi. Neno lipo, sarufi ni safi, tahajia haina doa. Mpwa mwenye A angempa alama zote. Kazi yetu inaanza pale mpwa anapomaliza.

Nikamwomba tuonane, yeye na mimi tu, bila msaidizi wake wala vijana wa ofisini. Bosi haambiwi mbele ya watu kwamba neno lake limekwama. Kabla ya hapo nilifanya kile ninachokitozea pesa. Niliandika neno lile kwenye karatasi tupu, bila nembo wala picha ya gari, nikalipeleka kwa watu wanane wasioijua biashara yake: muuza chipsi, mama ntilie, fundi cherehani, wanafunzi wawili, bodaboda, jirani yangu na mlinzi wa jengo letu. Swali ni moja tu: hawa wanakuambia nini? Huulizi "umeipenda?" Ukiuliza hivyo watu watakupendezesha. Ndiyo maana kura za kwenye magrupu ya familia hazina maana, shangazi hawezi kukukatalia.

Watano walisema hao wanaomba radhi, au wanajitetea. Bodaboda alicheka: "Hawa si watu wa mikopo? Wanakukumbusha deni." Mama ntilie aliuliza, "Kwani nani kasema wamesahau?" Mmoja tu alielewa kama mzee alivyokusudia.

Nilimsomea majibu yale kama yalivyo. Alinyamaza, akazungusha kikombe cha chai. La mama ntilie ndilo lililomchoma.

Akaanza kuokoa neno, na hapa ndipo muda ulipokwenda. "Basi Hatutakusahau." Ile "ta" inaondoa utata, kweli, lakini hayo ndiyo maneno ya fulana za msibani, chini ya picha ya marehemu. "Hatuwasahau?" Hilo la sasa tu, halina jana, ila "wa" inaweza kuwa ninyi au wao, na kwenye gari itasomeka wao, watu fulani wa mbali. "Huwa hatukusahau?" Hapo alijicheka mwenyewe.

(Kukana kuna gharama yake hata pasipo utata. Gereji moja walitaka kuandika "Hatukuibii". Nikawaambia mwizi bado hajatajwa, nyie mnamtaja. Lakini si kila neno la kukana ni bovu: dada mmoja wa saluni aliandika "Mumeo hatakutambua", tukaiacha hivyohivyo.)

Nikamuuliza mzee kwa nini lazima iwe kusahau. Akanisimulia. Zamani, stendi ikiwa bado Ubungo, alimtumia mama yake dawa za presha kwa basi, kwenda Singida. Kifurushi kilishushwa, kikabebwa, kikaachwa chini ya benchi siku nne. "Watu wanapita, wanakiruka," akasema, "hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ule mzigo una mwenyewe."

Nikaandika aliyosema. Akaniangalia. Kwanza yeye alitaka "Mzigo wa mtu ni mtu", akaipenda mno, nami nikaipenda. Tukaijaribu kwa watu walewale wanane. Watatu walidhani ni gari la kusafirisha maiti.

Ndipo tukarudi kwenye "Mzigo una mwenyewe". Saba walisema hao wanatunza vitu vya watu. Fundi cherehani aliuliza, "Mwenyewe ni mimi au ni wao?" Mzee akashtuka, akadhani tumekwama tena. Nikamwambia hapana. Huu nao ni utata, lakini ukielewa ni wewe, mzigo ni wako na wanajua. Ukielewa ni wao, basi kuna wa kumuuliza. Njia zote mbili zinakufikisha mlangoni kwake. Ile ya kwanza, njia moja ilikupeleka kwenye lawama.

Kubandua na kubandika upya magari matatu kulimgharimu laki saba na ishirini, bila fulana. Mimi nilichukua laki na nusu. Angekuja na karatasi kabla ya kwenda kwa watu wa stika, angelipa hiyo yangu tu. Ndani yake kuna watu wanane, vikao viwili, na mapendekezo hadi ukubali au unifukuze. Kipeperushi ni elfu themanini kwa sababu kinasomwa na kutupwa, na kosa lake linafutika toleo lijalo.

Fulana hazikutupwa. Wapagazi wa Morogoro bado wanazivaa, na wateja wao wamewapa jina: "Muite yule Hatukusahau aje abebe hiki."