Kuhusu "kitabu yangu"

Dada Mwajuma mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto, na uniwie radhi kwa kukuweka wiki tatu bila jibu. Sura ya tasnifu yako nimeisoma mara mbili, na kila mara nimekwama pale unaposema kwamba kosa la mwanafunzi wako Mwingereza, "kitabu yangu", limeganda, na kwamba chanzo chake ni uhawilishaji, yaani kuhamisha kanuni kutoka Kiingereza.

Mwanaisimu Selinker alipoeleza mwaka 1972 dhana ya lughakati, yaani lugha ambayo mwanafunzi hujijengea akiwa njiani kuelekea lugha anayojifunza, ugandaji kwake ulikuwa ni umbo kubaki katika usemi wa mwanafunzi hata anapoendelea kukaa na lugha na kufundishwa. Wewe una rekodi moja ya mwanafunzi wako akisimulia hadithi, ya dakika arobaini. Rekodi moja yaonyesha kwamba kosa lipo, haionyeshi kwamba limekataa kuondoka. Mkumbuke Patty, mwanafunzi wa Kiingereza aliyechunguzwa na mtafiti Lardiere: mzungumzaji wa Kichina aliyekwisha kuishi Marekani takriban miaka kumi aliporekodiwa mara ya kwanza, akarekodiwa tena zaidi ya miaka minane baadaye, na bado alama ya wakati uliopita aliiweka katika asilimia 34 hivi tu ya mahali ilipohitajika. Hapo mtu anaweza kuzungumzia ugandaji. Hata hivyo, Patty huyo huyo karibu hakukosea kamwe kuchagua kiwakilishi cha mtenda na cha mtendwa, kwa hiyo kilichosimama ni kipande kimoja cha lughakati yake, si lughakati nzima.

Narudi kwenye "kitabu yangu", maana ndipo panaponisumbua zaidi. Ni kweli Kiingereza hakina ngeli, lakini huko Nairobi umbo hilo hilo husikika kwa watu ambao lugha zao za kwanza ni za Kibantu, zenye ngeli na upatanisho kamili. Kama uhawilishaji ungetosha kueleza, hao wangesema "changu" bila taabu. Na ikiwa Mwingereza wako amejifunzia mitaani, huenda amejifunza barabara kile alichokisikia. Kumpima kwa Kiswahili sanifu na kuyaita mengine yote makosa ni kuinyima lughakati yake haki ya kusomwa kama mfumo wenye kanuni zake. Angalia pia kama husema "yangu" kwa kila nomino, au kwa vitu tu huku akisema "mtoto wangu" sawasawa. Tofauti hiyo ingekuambia kwamba anayo kanuni, ila ni nyingine.

Je, unaweza kumrekodi tena mwezi wa Desemba, kwa hadithi ile ile? Alijifunza Kiswahili wapi, na kwa nani? Je, unao hata wanafunzi wawili wa lugha ya kwanza ya Kibantu, waliojifunza darasa moja naye, ili tuwalinganishe? Na msimamizi wako amesemaje kuhusu sura hii? Nitumie maandishi ya rekodi yote, dada, nikusaidie kuhesabu upatanisho nomino kwa nomino.

Nduguyo,
Hamisi