Barua kwa mdogo wangu wa Nakuru: mkubwa ameanza tena kujikojolea

Mdogo wangu,

Kifungua mimba wako ana miaka 3 na miezi 2, nepi aliziacha kitambo, na sasa mchanga ana wiki 5 huku mkubwa anajikojolea mara mbili tatu mchana, usiku godoro linalowa, na ameanza kuongea kitoto. Majirani wanasema ni kiburi. Si kiburi. Mtoto mdogo akielemewa, mara nyingi linalomponyoka kwanza ni lile alilojifunza juzijuzi, na kwake ni choo.

Kabla ya kumrekebisha, andika. Bandika karatasi jikoni, na kwa siku 3 uandike saa aliyojikojolea na ulichokuwa ukifanya wewe wakati huo. Mchanga wa umri huo hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na kila mara mkubwa anaona mapaja yako yameshapata mwenyewe. Sitashangaa ukikuta ajali nyingi zinaangukia hapo hapo. Mkojo umembana, lakini hataki kubanduka ubavuni mwako, na wewe huwezi kuinuka kumvua kaptura.

Ikiwa ndivyo, fanya choo kitangulie titi. Poti ikae karibu na kiti chako cha kunyonyeshea, maana choo cha ploti kiko mbali na hatakwenda peke yake. Mvalishe kaptura ya lastiki, si ya vifungo. Usimuulize kama anataka kukojoa, jibu litakuwa "hapana" hata kama amejibana miguu. Mwambie, "Twende poti, halafu tukae sote." Mchanga akilia dakika mbili hatadhurika. Ukishakaa, mkubwa apate chake cha kufanya hapo ubavuni: kikapu chenye vitu ambavyo hutoka wakati wa kunyonyesha tu, kisha kinarudi juu ya kabati. Katikati ya vipindi hivyo, mpeleke poti kila baada ya saa mbili hivi.

Akilowa, maneno yawe machache: "Umelowa, tubadilishe." Basi. Ile desturi ya kumbebesha mtoto godoro lake nje ili watoto wa ploti wamcheke inaharibu zaidi. Mtoto aliyeaibishwa huanza kuficha nguo na kujizuia, choo kubwa kinakuwa kigumu, kinakandamiza kibofu, na mkojo unazidi kumtoka. Usiku tandika makintoshi chini ya shuka na leso iliyokunjwa juu yake, ili saa nane, na baridi ya huko, uvute leso moja tu badala ya kutandua kitanda kizima. Nepi ya usiku si dhambi, mradi usimvalishe kama adhabu.

Akiomba titi, mwache aonje. Wengi huramba mara moja, wakacheka, wakaondoka. Ukimkatalia kwa ukali, ndipo titi linakuwa kitu cha kupigania.

Kuhusu kumfinya mchanga na kumkumbatia mpaka alie: usiwaache wawili hao peke yao, hata kama unaenda tu kugeuza chapati. Shika mkono wake kabla haujafika na umwambie, "Sitakubali umuumize. Najua umekasirika. Njoo hapa." Wageni wanaokuja kuona mtoto waombe wamsalimie mkubwa kwanza, na waache ule mzaha wa "umenyang'anywa mama". Yeye hasikii mzaha hapo.

Angalia pia jinsi mchanga anavyogeuzwa sababu ya kila katazo: usipige kelele mtoto amelala, sikubebi kwa sababu ya mtoto. Sema tu, "Mikono yangu ikimaliza nitakuja," kisha uende kweli. Na mara mojamoja mwambie mchanga kwa sauti, mkubwa akisikia: "Wewe ngoja kidogo, namvalisha kaka yako viatu." Kila siku mpe dakika 10 zake peke yake, simu kando, yeye ndiye achague mchezo. Usizifute eti kwa sababu amejikojolea.

Wazo la kumpeleka ushago kwa nyanya mpaka mambo yatulie, liache kwa sasa. Ataliona kama kufukuzwa. Afadhali nyanya aje.

Hali hii kwa kawaida hupungua ndani ya wiki kadhaa, pengine miezi michache, kwa kupanda na kushuka. Wiki ijayo mchanga anafikisha wiki 6 na utampeleka kliniki kwa chanjo. Mtaje mkubwa pia, hasa kama anapata choo kubwa chini ya mara 3 kwa wiki. Lakini akilia anapokojoa, akiwa na homa, au akinywa maji kupita kiasi na kukonda huku akikojoa sana, usingoje siku ya chanjo. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Dadako