Tanbihi ya Ibn Battuta: kipindi cha Alhamisi

Walimu wenzangu, habari za jioni. Insha za Mombasa ya kale zimerudi na kosa moja karibu kila daftari: "Ibn Battuta, 1331, uk. 45."

Mwaka 1331 ndio aliofika Mombasa, akalala usiku mmoja, akaelekea Kilwa. Masimulizi yake yaliandikwa na Ibn Juzayy, yakakamilika 1355. Na ukurasa wa 45 ni wa kitabu cha kiada alichosoma mwanafunzi! Msomaji akiufuata hafiki popote.

Alhamisi tuanze hapo. Kila mmoja afungue kitabu alichokishika kweli, anakili jina la mwandishi, kichwa, mji, mchapishaji na mwaka, kisha aandike:

Ibn Battuta, amenukuliwa katika [mwandishi], [kichwa] (mji: mchapishaji, mwaka), uk. 45.

Neno "amenukuliwa" ndilo la kusisitiza, maana linakiri kwamba hakuyasoma masimulizi yenyewe.

Namba ya tanbihi ikae baada ya nukta. Wanaotumia Word wabonyeze Ctrl+Alt+F. Namba za kuandika kwa mkono huvurugika aya ikihamishwa. "Kitabu hicho hicho" tusiwafundishe bado, kwa sababu hiyo hiyo. Watumie jina la mwandishi na kichwa kifupi.