Shukrani kwa mama niliyekutana naye nje ya ofisi ya kata

Mama yangu, sikukuuliza jina, kwa hiyo nakushukuru hapa hadharani. Siku ya uteuzi wa wagombea udiwani, saa 7 mchana, nilirudishiwa fomu yangu kwa sababu mdhamini wangu mmoja, ingawa anaishi katika kata yetu miaka mingi, alikuwa amejiandikisha kupiga kura kata ya jirani. Sheria inataka wadhamini wasiopungua 10 walioandikishwa katika kata husika, nami nilikuwa nimepeleka 10 kamili, hivyo wakabaki 9. Mwisho wa kurudisha fomu ulikuwa saa 10 jioni.

Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi, nimekwisha kukata tamaa, ulipoomba kuiona fomu. Ulinieleza kwa utulivu kwamba kabla ya saa 10 fomu yenye kasoro bado hurekebishwa, lakini baada ya hapo hata jina sahihi halina faida. Ukanipeleka kwa majirani zako wawili, na kabla hawajaweka saini ukawauliza kama wamekwisha kumdhamini mgombea mwingine, swali ambalo mimi, kwa haraka zangu, nisingelikumbuka. Mmoja alikuwa amekwisha kumdhamini mwingine. Wa pili akaleta kadi yake ya mpiga kura, nawe ukamsomea namba tarakimu moja moja nilipokuwa nikiandika.

Fomu ilipokelewa saa 9 na dakika 40. Asante sana, mama.