Kuachiliwa na korti si kurudishwa kazini

Mhariri,

Wengi hushangaa karani wa stoo akiachiliwa na mahakama kwa shtaka la wizi, kisha akose kurudishwa kazini. Hapa Kenya mizani ya ushahidi si moja.

Tuseme katoni 12 za mafuta ya kupikia zimepotea usiku. Daftari lina saini ya karani, lakini ufunguo wa pili ulikuwa kwa mlinzi. Mahakamani, upande wa mashtaka lazima uthibitishe wizi pasipo shaka ya maana. Ufunguo ule wa pili watosha kuzaa shaka hiyo, na karani anaachiliwa. Mwajiri akimdai thamani ya mafuta kwa kesi ya madai, inatosha aonyeshe kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa karani ndiye aliyeyachukua.

Kumfuta kazi ni jambo jingine tena. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 43, inamtaka mwajiri athibitishe sababu ambazo kwa dhati aliamini zipo wakati wa kumfuta.

Waajiri wengi hukwama kwenye kifungu cha 41. Wanapiga ripoti polisi, wanaandika barua ya kufuta, basi. Karani alipaswa kuelezwa tuhuma kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na kusikilizwa kwanza. Wakiiruka hatua hiyo wanaweza kuamriwa kulipa fidia, hadi mshahara wa miezi 12, hata kama mafuta kweli aliyaiba.

Msomaji, Nakuru