Taa ya mbele ilizima yote, lakini balbu ilikuwa nzima

Mteja wetu wa bodaboda aliamshwa usiku wa manane. Mama jirani alikuwa na homa kali, anatapika, na zahanati iko mbali, njia ya vumbi na makorongo. Wakamweka katikati, kijana wake akakaa nyuma kumshika. Mshikaki, ndiyo, lakini mgonjwa asiyeweza kujishikilia utampakiaje vinginevyo?

Walipovuka korongo la kwanza, pikipiki ikaruka kidogo na taa ya mbele ikazima. Akabadili kutoka dimu kwenda fulu: giza. Akapiga honi, ikalia. Indiketa zikawaka. Kwenye pikipiki yake taa inakula betri, kwa hiyo akajua betri ina moto. Akatoa balbu ya akiba aliyokuwa nayo chini ya siti, akaibadilisha kwa tochi ya simu ya yule kijana. Giza vilevile.

"Mwanangu, twende tu," mama akasema.

Akaingiza mkono nyuma ya taa, akasukuma soketi. Taa ikapepesa, ikawaka. Wakaenda kwa gia ya pili, yeye akiendesha kwa mkono mmoja kila ilipozima, hadi zahanati, mama akatundikiwa dripu.

Asubuhi alituletea pikipiki. Balbu zote mbili zilikuwa nzima. Balbu ya aina hiyo ina miguu mitatu: mmoja wa dimu, mmoja wa fulu, na wa tatu ni asi, ambao dimu na fulu hutumia pamoja. Dimu ikifa peke yake, mara nyingi waya wake wa ndani ya balbu umekatika. Zikifa zote kwa pamoja na balbu mpya haiwaki, angalia asi kwanza. Kwake, plastiki ya soketi ilikuwa imeyeyuka pale pale, na kibati kinachobana mguu wa asi kimelegea.

Kilichoyeyusha ni balbu kubwa. Pikipiki ilitoka na wati 35, yeye akawekewa mtaani ya 60 ili aone mbali. Kwa volti 12, wati 35 huvuta takriban ampea 3, wati 60 huvuta 5. Waya na soketi ni vilevile vyembamba, basi vinachemka kila usiku, kidogo kidogo. Na mwanga wenyewe haukuongezeka sana, maana betri nayo ilikuwa haijai vizuri.

Tulimkatia soketi ya zamani, tukamfungia ya kauri, tukasafisha asi mpaka kwenye chuma cha bodi na kumrudishia balbu ya 35.

Kama taa yako hupepesa kwenye matuta, au unasikia harufu ya plastiki ukisimama, fungua skrubu za taa uchungulie soketi. Ikiwa imegeuka kahawia, ilete kabla hujabeba abiria usiku. Kazi hii tunaimaliza ukisubiri.