Juisi mbili kwa pauni 3, kaunta ikadai 3.50

Wateja wetu wengi hutuletea barua za serikali na za mwenye nyumba tuwasomee kwa Kiswahili. Wiki iliyopita kaka mmoja anayeishi peke yake huku Uingereza alitutumia picha ya lebo ya bei kwenye rafu ya supamaketi, na chini yake neno moja: "Nimeibiwa?" Alikuwa amechukua boksi mbili za juisi ya embe, lita moja moja, akijua atalipa pauni 3. Risiti ikaandika 3.50.

Lebo yenyewe ilikuwa hivi. Kwa maandishi makubwa ya rangi: mbili kwa pauni 3. Pembeni, kwa maandishi ya wastani: pauni 1.75. Chini kabisa, herufi kama za maelezo ya dawa, mistari miwili: ofa ni kwa wenye kadi ya duka, na inaisha tarehe 6 Agosti. Kaka hana kadi, kwa hiyo mashine ilimtoza bei ya kawaida mara mbili. Hakuibiwa, ingawa mimi nasema mwandishi wa lebo alijua vizuri jicho litaanzia wapi. Kadi hizi kwa kawaida hutolewa bure, nyingi kwa programu ya simu, na mashine inataka kuisoma kabla hujamaliza kulipa.

Tulipoikuza picha tukaona na lebo ya jirani yake: boksi ya juisi hiyohiyo ya lita moja na nusu, pauni 2.10. Kaka aliipita kwa sababu ya namba ndogo iliyo pembeni ya bei. Ya lita moja iliandikwa 17.5p per 100ml, yaani peni 17 na nusu kwa kila mililita 100. Ile kubwa iliandikwa £1.40 per litre, yaani pauni moja na peni 40 kwa lita nzima. Yeye akaona peni upande huu na pauni upande ule, akaamua kubwa ni ghali.

Hiyo namba ndogo ndiyo bei ya kipimo, na sheria ya hapa inawataka maduka makubwa waiweke. Ila kuilinganisha ni lazima vipimo viwe sawa. Lita moja ina mililita 100 mara kumi, basi zidisha 17.5 kwa kumi: pauni 1.75 kwa lita. Kubwa ni 1.40. Vipi kuhusu ofa? Mara nyingi namba ndogo inahesabu bei ya kawaida tu, kwa hiyo ofa uipigie hesabu mwenyewe: pauni 3 kwa lita mbili ni 1.50 kwa lita. Hata angekuwa na kadi, boksi kubwa ingebaki rahisi kwa peni 10 kila lita.

Hapo ndipo tarehe inapoingia. Chini ya lebo kulikuwa na karatasi ndogo: BEST BEFORE 14 AUG. Maana yake ni "bora kabla ya". Kiwanda kinaahidi ladha na ubora hadi siku hiyo, boksi ikiwa haijafunguliwa na imehifadhiwa inavyotakiwa. Tarehe 15 juisi haigeuki sumu, na duka linaruhusiwa kuendelea kuiuza ikiwa bado ni salama. Usiichanganye na USE BY, inayokaa kwenye nyama mbichi, samaki na vyakula vingine vinavyoharibika upesi. Hiyo ni tarehe ya usalama. Ikipita, usile hata kama hakinuki, maana vijidudu vingine havina harufu. Ukiona hutawahi, kigandishe kwenye friza kabla siku hiyo haijaisha.

Lakini kwenye boksi lenyewe, ubavuni, kuna sentensi ambayo lebo ya rafuni haiandiki: ukishafungua, weka kwenye friji na umalize ndani ya siku 3. Kuanzia hapo tarehe 14 haikuhusu tena. Kaka anakunywa glasi moja asubuhi, kama mililita 250. Kwa siku 3 ni mililita 750. Nusu ya boksi kubwa ingeishia kwenye sinki. Boksi ya lita moja angemwaga robo tu, na ya pili ingemsubiri kabatini ikiwa imefungwa. Kwa nyumba ya watoto wanne, ningesema chukua kubwa bila kufikiri. Kwake yeye, mbili ndogo kwa kadi.

Ukitutumia picha ya lebo kwa WhatsApp, ipige ikiwa nzima, hadi mistari ya chini, pamoja na lebo ya jirani na ubavu wa pakiti. Za namna hii hatutozi.